Mifuko Arobaini ya Saruji Imekwenda Wapi?

Kompyuta inasema stoo kuna mifuko 280 ya saruji. Waliohesabu jioni ya tarehe 30 Juni wamepata 240. Mwenye duka anaitazama karatasi ya kwanza, anaitazama ya pili, kisha anamtazama mtunza stoo, na kabla neno halijatamkwa kila aliyemo humo ndani ameshajua ni swali gani linalokuja.

Duka hili ni la mfano tu, lakini yanayolikuta yanafahamika kwa yeyote anayeuza vifaa vya ujenzi. Tuseme liko Morogoro. Linauza mamia ya bidhaa, ila kwa makala haya zinatosha sita: saruji ya mfuko wa kilo 50, nondo za milimita 12, bati za geji 28, bati za geji 30, misumari ya inchi nne inayouzwa kwa kilo, na rangi nyeupe ya ndoo ya lita 20. Programu ya dukani inaandika kila mzigo unaoingia na kila ankara inayotoka. Mwisho wa robo mwaka inatoa orodha mbili: moja ya miamala yote, nyingine ya masalio. Orodha zote mbili zinaweza kufunguliwa kwa Excel, na hapo ndipo swali la mwenye duka linapoweza kujibiwa bila kumshuku mtu.

Kazi inahitaji vifaa viwili. Cha kwanza ni pivoti, ambayo kwenye kioo husomeka PivotTable: inachukua maelfu ya mistari ya miamala na kuikunja iwe jedwali dogo la bidhaa na miezi. Cha pili ni fomula za kutafuta, ambazo huchukua namba ya bidhaa kwenye orodha moja, kuisaka kwenye orodha nyingine na kurudi na kilichoandikwa mbele yake. Pivoti inaonyesha mfumo unaamini nini kuhusu mali. Fomula ya kutafuta inaonyesha ni wapi imani hiyo inapishana na kilichopo rafuni.

Wazo la pivoti lina umri wa zaidi ya miaka 30. Pito Salas, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Lotus, ndiye anayetajwa kuwa baba yake, kupitia programu ya Lotus Improv iliyotoka mwaka 1991. Microsoft iliingiza PivotTable ndani ya Excel 5 mwaka 1993. Leo imo pia katika Google Sheets na LibreOffice Calc, zote mbili za bure, kwa hiyo duka lisilo na Excel halijaachwa nje.

Orodha kwanza

Pivoti haivumilii orodha iliyopambwa. Ripoti nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya kuchapishwa: juu kuna jina la duka, katikati kuna jumla ndogo za kila ukurasa, na seli zimeunganishwa ili vichwa vipendeze. Yote hayo yanatakiwa kuondolewa. Kinachobaki ni mstari mmoja wa vichwa, na chini yake kila mstari ni tukio moja tu: mzigo umeingia, au umetoka. Orodha ya duka letu ina safu sita: Tarehe, Namba, Bidhaa, Aina, Kiasi na Hati. Aina ni Pokezi, Mauzo au Rejesho. Hati ni namba ya ankara au ya karatasi ya kupokelea mzigo, na thamani yake itaonekana baadaye.

Programu nyingi huandika kiasi bila alama ya kutoa. Mifuko 20 iliyoingia na mifuko 20 iliyouzwa zote husomeka 20, na anayezijumlisha hivyo hupata mifuko 40 ambayo haipo popote. Dawa ni kuongeza safu ya saba, Mwendo, inayogeuza mauzo kuwa hasi:

```
=IF([@Aina]="Mauzo",-[@Kiasi],[@Kiasi])
```

Fomula hii inafanya kazi baada ya orodha kugeuzwa kuwa jedwali rasmi kwa Ctrl+T. Hatua hiyo ina faida nyingine: mistari mipya ikiongezwa chini, jedwali linarefuka lenyewe, na pivoti itaiona mara tu itakapoamriwa kusoma upya.

Lipo jambo moja ambalo wengi hulisahau. Miamala ya Aprili hadi Juni peke yake haiwezi kutoa salio, kwa sababu duka halikuanza Aprili likiwa tupu. Kila bidhaa inahitaji mstari mmoja wa Aina ya Mwanzo, wenye kiasi kilichokuwepo robo iliyopita ilipofungwa. Mstari huo upewe tarehe 31 Machi, wala si 1 Aprili. Ukipewa ya Aprili, salio la mwanzo litachanganyika na biashara ya mwezi huo, na Aprili itaonekana kuwa na neema ambayo haikuwa nayo.

Bidhaa chini, miezi pembeni

Sasa kazi ni ya dakika chache. Weka kishale ndani ya jedwali, bofya Insert, kisha PivotTable, ukubali karatasi mpya. Upande wa kulia hutokea majina ya safu na visanduku vinne. Bidhaa inaburutwa hadi Rows, Tarehe hadi Columns, Mwendo hadi Values. Tarehe zikitokea moja moja, bofya mojawapo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Group, kisha Months na Years kwa pamoja. Anayechagua Months peke yake kwenye orodha ya miaka miwili ataona Juni ya mwaka jana na Juni ya mwaka huu zimemwagwa kwenye kapu moja.

Jambo la mwisho ni jumla. Excel huweka jumla kulia na chini. Ya chini haina maana hapa, maana inajumlisha mifuko ya saruji, kilo za misumari na ndoo za rangi. Katika Design, chini ya Grand Totals, chaguo la On for Rows Only huiondoa na kuacha ile ya kulia. Duka letu linapata hivi:

| Bidhaa | Machi | Aprili | Mei | Juni | Jumla |
|---|---|---|---|---|---|
| Saruji | 240 | 40 | 10 | -10 | 280 |
| Nondo | 150 | 30 | -90 | 30 | 120 |
| Bati geji 28 | 320 | -110 | 60 | 70 | 340 |
| Bati geji 30 | 180 | -60 | 30 | 10 | 160 |
| Misumari | 75 | 18 | -66 | -10 | 17 |
| Rangi | 36 | 2 | -4 | 7 | 41 |

Jedwali linasomeka kutoka kushoto. Robo ilianza na mifuko 240 ya saruji. Aprili iliongeza 40, Mei 10, Juni ikapunguza 10, na mwisho ni 280. Safu ya Jumla ndiyo salio la mfumo, na ni lazima ilingane tarakimu kwa tarakimu na orodha ya masalio iliyotolewa na programu. Isipolingana, kazi inasimama hapo hapo. Huenda faili la miamala lilikatwa njiani, aina fulani ya muamala haikuchaguliwa wakati wa kutoa ripoti, au tarehe za ripoti mbili hazifanani. Kuendelea kulinganisha na hesabu ya stoo wakati mfumo haulingani na nafsi yake ni kuongeza fumbo juu ya fumbo.

Namba zinapodanganya kwa utulivu

Makosa mabaya zaidi ya pivoti hayatoi onyo lolote. La kwanza ni la tarehe. Programu huandika 05/06/2025 kwa maana ya tarehe 5 Juni. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Kimarekani ikifungua faili hilo huisoma kuwa Mei 6, na mauzo ya Juni yanahamia Mei kimyakimya. Lakini 25/06/2025 haiwezi kusomeka hivyo, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, kwa hiyo inaachwa kama maandishi. Orodha moja inakuwa na tarehe za uongo na tarehe zisizo tarehe.

Dalili zipo kwa anayezitafuta. Tarehe zilizoachwa kama maandishi hukaa upande wa kushoto wa seli, wakati tarehe halisi hukaa kulia. Group hukataa kufanya kazi na kuandika "Cannot group that selection". Dalili ya wazi kuliko zote ni kuona safu ya Septemba kwenye ripoti inayoishia Juni: hiyo ni 09/06 iliyopinduliwa. Kurekebisha tarehe moja moja ni kujitesa, na zile zilizopinduliwa hazijulikani kwa macho. Bora kurudi kwenye faili la awali, kuliingiza upya kupitia Data, na kuiambia Excel kwamba mpangilio ni siku, mwezi, mwaka, unaoandikwa DMY.

La pili ni la kuhesabu badala ya kujumlisha. Ikiwa ndani ya safu ya Mwendo kuna seli moja tu yenye maandishi, au iliyo tupu, Excel inaweza kuandika Count of Mwendo badala ya Sum of Mwendo. Matokeo yake saruji inasomeka 57, ambayo ni idadi ya mistari yake wala si ya mifuko. Neno Count kwenye kichwa cha jedwali ndilo la kuangaliwa kwanza. Kulibadilisha kuwa Sum ni rahisi, kupitia Summarize Values By, ila seli iliyosababisha tatizo lazima isakwe pia, maana namba iliyoandikwa kama maandishi pivoti huijumlisha kama sifuri.

La tatu ni usahaulifu. Katika matoleo mengi ya Excel pivoti haijisomei upya yenyewe. Mtu anasahihisha mstari kwenye orodha, anarudi kwenye pivoti, anakuta tarakimu ni zile zile na kudhani marekebisho hayakuhusika. Kabla ya kusoma chochote, bofya Data, kisha Refresh All.

Kufungua tumbo la namba

Jedwali la hapo juu linaonyesha tofauti kati ya kilichoingia na kilichotoka, na tofauti hiyo huficha mengi. Kuburuta Aina hadi Rows, chini ya Bidhaa, kunaigawa kila bidhaa katika mistari ya Pokezi na Mauzo. Kwa saruji, mauzo yanakuwa mifuko 260 Aprili, 390 Mei na 610 Juni. Hapo mwenye duka anaona masika yakipita: ardhi ikikauka, mafundi wanarudi kwenye misingi. Kwa kuagiza mzigo wa Aprili mwakani, tarakimu hizo zina faida kuliko wastani wa robo nzima.

Kwa misumari, mstari wa Pokezi unasomeka 100 Aprili, 4 Mei na 50 Juni. Nne. Hakuna msambazaji anayeleta kilo nne za misumari kwa lori. Kubofya mara mbili juu ya hiyo 4 kunafungua karatasi mpya yenye mistari yote iliyoiunda, na humo kuna mstari mmoja wa mwezi Mei wenye namba ya hati ya kupokelea mzigo. Huu ndio uwezo wa pivoti ambao watu wengi hawaujui: kila tarakimu yake ni mlango wa kurudi kwenye karatasi halisi. Jibu la hati hiyo litakuja kwa zamu yake.

Kuna namna nyingine ya kusoma jedwali hilo hilo. Ukibofya tarakimu kwa kitufe cha kulia, chagua Show Values As, halafu Running Total In na mwezi. Saruji sasa inasomeka 240, 280, 290, 280, yaani salio la mwisho wa kila mwezi. Bidhaa ikionyesha salio hasi mwishoni mwa mwezi fulani, maana yake duka liliuza mali ambayo mfumo haukuwa umeipokea bado. Hakuna anayeweza kuuza bati ambalo halipo. Kwa kawaida hapo mzigo uliingia stoo leo na hati yake ikaandikwa wiki iliyofuata.

Hesabu ya mkono inakutana na mfumo

Jioni ya 30 Juni, duka likiwa limefungwa, watu wawili wawili walihesabu stoo. Karatasi zao zilikuwa na namba ya bidhaa, jina, mahali na nafasi ya kuandika idadi. Salio la mfumo halikuandikwa humo kwa makusudi. Mtu aliyeshika karatasi inayosema 41 akikuta ndoo 38, mkono humwandikia 41.

Hesabu hizo zilichapwa kwenye karatasi ya Excel iliyoitwa Hesabu, yenye Namba katika safu A na Idadi katika safu D. Orodha ya masalio ikawekwa kwenye karatasi iitwayo Mfumo, Namba ikiwa safu A na Salio safu C. Kando ya salio ikaandikwa fomula hii:

```
=XLOOKUP(A2,Hesabu!A:A,Hesabu!D:D,"Haikuhesabiwa")
```

Inachukua namba iliyo A2, inaisaka katika safu A ya Hesabu, na inaleta idadi iliyo safu D ya mstari huo. Isipoipata inaandika Haikuhesabiwa. XLOOKUP ilitangazwa mwaka 2019 na haimo katika Excel ya 2016 wala ya 2019. Wenye matoleo hayo hutumia VLOOKUP:

```
=VLOOKUP(A2,Hesabu!A:D,4,FALSE)
```

Hilo FALSE la mwishoni si pambo. Linaiamuru fomula ikubali namba inayofanana kabisa tu. Likiachwa, VLOOKUP isipopata namba kamili huridhika na iliyo ndogo na karibu zaidi. Tuseme katika stoo kuna bati jipya la geji 32 lenye namba 2003, ambalo halijaingizwa kwenye mfumo. Anayetafuta salio la 2003 bila FALSE ataletewa salio la 2002, yaani bati 160 za geji 30, na hakuna rangi nyekundu wala kengele itakayomshtua.

Duka letu lilipojaribu mara ya kwanza, kila mstari uliandika Haikuhesabiwa. Sababu haikuwa kwenye stoo. Programu ilikuwa imetoa namba za bidhaa kama maandishi, wakati aliyechapa hesabu aliziandika kama tarakimu. Kwa jicho la mtu 1001 ni 1001. Kwa fomula ya kutafuta hivyo ni vitu viwili. Safu ya namba ikigeuzwa upande mmoja ufanane na mwingine, majibu yanajitokeza. Nafasi tupu iliyobaki nyuma ya namba huleta shida hiyo hiyo, na TRIM huiondoa.

Wapo wanaochoshwa na makosa ya aina hii, wakaifunika fomula kwa IFERROR na kuiambia iandike sifuri. Karatasi inapendeza, lakini bidhaa ambayo haikuhesabiwa kabisa sasa inaonekana kama iliyohesabiwa ikakutwa imekwisha. Mambo hayo mawili yanahitaji watu tofauti kuyafuatilia, kwa hiyo lazima yasomeke tofauti.

Utafutaji wenyewe unapaswa kwenda pande zote mbili. Kutoka Mfumo kwenda Hesabu hufichua kisichohesabiwa. Kutoka Hesabu kwenda Mfumo hufichua kilichopo rafuni bila kuwa na jina kwenye kompyuta, kama lile bati la geji 32. Baada ya kutoa salio la mfumo kutoka kwenye hesabu ya mkono, picha ya kwanza ilikuwa hii:

| Bidhaa | Mfumo | Hesabu | Tofauti |
|---|---|---|---|
| Saruji | 280 | 240 | -40 |
| Nondo | 120 | 85 | -35 |
| Bati geji 28 | 340 | 316 | -24 |
| Bati geji 30 | 160 | 184 | 24 |
| Misumari | 17 | 113 | 96 |
| Rangi | 41 | 38 | -3 |

Tofauti sita, sababu tano

Kwa mwenye haraka, hii ni orodha ya mashtaka. Kwa mhasibu wa duka, ni orodha ya maswali, na la kwanza kujibiwa lilikuwa la nondo kwa sababu kosa lilikuwa la fomula yenyewe. Nondo huwekwa sehemu mbili: 85 zilikuwa uani na 35 nyuma ya duka. Karatasi ya hesabu ilikuwa na mistari miwili ya bidhaa hiyo, na XLOOKUP, kama ilivyo VLOOKUP, hurudi na mstari wa kwanza unaofanana na kuishia hapo. Pale ambapo bidhaa moja inaweza kukaa sehemu zaidi ya moja, fomula inayofaa ni ya kujumlisha:

```
=IF(COUNTIFS(Hesabu!A:A,A2)=0,"Haikuhesabiwa",SUMIFS(Hesabu!D:D,Hesabu!A:A,A2))
```

Sehemu ya COUNTIFS ipo kwa sababu SUMIFS isipopata kitu huandika sifuri, ule mtego ule ule wa IFERROR. Nondo zikawa 120 kwa 120.

Misumari ilikuwa na ziada ya kilo 96, na mlango wake ulishafunguliwa: ile 4 ya Mei. Hati ya kupokelea mzigo ilisema katoni nne, kila moja ya kilo 25. Aliyeingiza aliandika nne kwenye bidhaa inayohesabiwa kwa kilo. Kilichoingia kilikuwa kilo 100, kilichoandikwa ni 4, na 100 ukitoa 4 ni 96 kamili. Bidhaa inayonunuliwa kwa katoni na kuuzwa kwa kilo ni ya kutazamwa kwanza kila mara tofauti inapokuwa kubwa, na kipimo kizuri ni kujaribu kama tofauti inaelezeka kwa ukubwa wa katoni.

Bati zilijieleza kwa kuwekwa pamoja. Geji 28 pungufu 24, geji 30 ziada 24. Tofauti mbili zinazolingana kwenye bidhaa zinazofanana ni dalili ya namba kuandikwa moja badala ya nyingine. Kubofya mara mbili mauzo ya Juni ya geji 30 kulileta mistari yake yote, na mmojawapo ulikuwa wa bati 24 barabara. Nakala ya hati ya kutolea mzigo, iliyosainiwa na mteja, ilisema geji 28. Kwa idadi, mambo yamejifuta. Kwa fedha hayajajifuta: geji 28 ni nene kuliko geji 30 na bei yake iko juu, na mteja alilipia ile nyembamba.

Ikabaki saruji, iliyozua kimya cha jioni ile. Orodha ya miamala ilikomea tarehe 30 Juni. Kwenye mfumo, tarehe 1 Julai asubuhi, kulikuwa na ankara ya mifuko 40. Risiti ya mashine ya EFD, ambayo hubeba tarehe na saa, ilionyesha mauzo hayo yalifanyika 30 Juni kabla ya duka kufungwa. Mteja alilipa na lori likaondoka, ila muamala wa stoo ukaingizwa kesho yake. Mifuko haikuwepo wakati wa kuhesabu na mfumo haukuwa umepewa habari.

Namna ya kuliona kosa hili mapema ni kutoa orodha ya miamala inayovuka siku ya kuhesabu kwa siku mbili tatu kila upande, na kusoma hati za siku hizo kabla ya kugusa tofauti yoyote. Duka lililo makini zaidi huandika namba ya ankara ya mwisho na ya hati ya mwisho ya kupokelea mzigo dakika ile kuhesabu kunapoanza. Kila hati yenye namba ya chini yake lazima iwe imeingia kwenye mfumo, na yenye namba ya juu isiwemo.

Kinachoandikwa na kisichoandikwa

Kishawishi sasa ni kuufanya mfumo ulingane na hesabu kwa kuandika marekebisho kwenye kila mstari wenye tofauti. Kwa saruji hilo lingekuwa kosa jipya. Mfumo ukipunguzwa mifuko 40 kwa marekebisho, na ankara ya 1 Julai ikapunguza mifuko 40 ile ile, salio linashuka hadi 200 wakati stoo kuna 240, na robo ijayo itaanza na ziada ya bandia. Saruji haihitaji marekebisho ya idadi. Nondo nazo hazihitaji kitu. Ankara ya bati inasahihishwa kwa namba sahihi ya bidhaa, na pokezi la misumari linasahihishwa kutoka 4 hadi 100, kila moja kwa kutaja hati yake.

Ndoo tatu za rangi ndizo zilizobaki. Zilihesabiwa tena na watu wengine, zikawa 38. Miamala yake yote ya robo ilifunguliwa na kulinganishwa na hati, hakuna kilichopishana. Pivoti inaishia hapo, maana inajua tu kilichoandikwa. Ndoo iliyopasuka ikatupwa bila karatasi, ndoo aliyopewa fundi kwa ahadi ya kulipa, na ndoo iliyoibwa, zote huacha alama ile ile kwenye jedwali: hakuna. Upungufu wa tatu ukaandikwa kwa idhini ya mwenye duka, kwa Aina mpya iitwayo Marekebisho, sababu ikiwa haijulikani.

Kuipa aina yake kunamaanisha kwamba katika pivoti ya Julai hadi Septemba marekebisho yatakuwa na mstari wao chini ya kila bidhaa, mwezi kwa mwezi, bila kujificha ndani ya mauzo. Rangi itahesabiwa kila Jumamosi jioni badala ya kungoja 30 Septemba. Ndoo nyingine ikipungua, miamala ya kufunguliwa itakuwa ya siku saba tu, na ankara zake zinaweza kusomwa zote kabla ya duka kufunguliwa Jumatatu.